Sekunde ya nyongeza: ifutwe au ibaki?

Mpangaji: Nimesoma kwamba mkutano mkuu wa vipimo uliamua mwaka 2022 kuachana na utaratibu wa sasa wa sekunde ya nyongeza, ile inayoingizwa ili saa zetu zisiachane na mzunguko wa dunia, ifikapo 2035. Programu yangu inabadilisha saa za kanda mbalimbali kutwa kucha, na sekunde hiyo sijawahi kuiona ikileta shida. Kwa nini wasiiache tu?

Fundi Saa: Hujaiona kwa sababu kanda zote zinahesabiwa kutoka UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na sekunde inaingizwa kwenye UTC yenyewe. Ya mwisho iliingia tarehe 31 Desemba 2016, saa ikasoma 23:59:60. Papo hapo, aliye UTC+9 alikuwa saa 08:59:60 za asubuhi iliyofuata, na aliye UTC+5:30 saa 05:29:60. Wote waliongezewa pamoja, pengo kati yao likabaki lilelile. Isitoshe, saa ya Yuniksi, ile hesabu ya sekunde inayotumiwa na kompyuta nyingi, huhesabu kila siku kuwa na sekunde 86,400 kamili, hata siku ile iliyokuwa na 86,401.

Kijana wa Data: Hapo sikubali, mkuu. Tangu 1972 zimeongezwa sekunde 27, kwa hiyo tarehe za zamani ukizibadilisha kanda lazima zikosee.

Fundi Saa: Kubadilisha kanda hakukosei. Kinachokosea ni kupima muda uliopita. Chukua saa ya Yuniksi ya 1 Januari 2017 utoe ile ya 1 Januari 1972: jibu litapungua sekunde 27 kulinganisha na muda uliopita kweli. Kwa umri wa mtu hakuna anayejali. Kwa anayefuatilia njia ya setilaiti ni balaa.

Mama Seva: Mimi hizo 27 nimeziona kwa macho. Kuna mtu alitegesha seva yetu itumie faili za kanda za `right/`, akidhani jina linamaanisha ndizo sahihi zaidi. Jaribuni, kama mashine yenu inazo:

```
TZ=UTC date -d @1700000000
TZ=right/UTC date -d @1700000000
```

Ya kwanza inatoa 22:13:20, ya pili 22:12:53. Faili hizo hudhani saa ya mashine imehesabu nyongeza zote, wakati mashine za kawaida hazihesabu. Tulihangaika bure na NTP, inayosawazisha saa za mashine kupitia mtandao, saa yenyewe haikuwa na kosa.

Msomaji: Hii si ile ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi?

Mama Seva: Hapana, hiyo inabadilisha kanda, nayo ndiyo inayovunja programu za watu kila mwaka. Fungua mada yake tuje.

Fundi Saa: Turudi kwa Mpangaji. Linux, sekunde ile ikifika, huirudisha saa nyuma na kuirudia 23:59:59. Sasa fikiria programu inayopima jibu limechukua muda gani: inasoma saa, inasubiri, inasoma tena, inatoa. Usomaji wa pili ukiwa nyuma ya wa kwanza, jibu ni hasi. Ndivyo ilivyowakuta kampuni ya mtandao ya Cloudflare usiku wa kuingia 2017: programu yao ya DNS ilipeleka namba hasi kwenye kitendo cha kubahatisha namba ambacho hakiipokei, ikaanguka. Dawa ya hapo ni kupima muda kwa `CLOCK_MONOTONIC`, saa isiyorudi nyuma.

Kijana wa Data: Basi tatizo ni uandishi mbovu, si sekunde. Google walishalimaliza kwa kuitandaza sekunde nzima ndani ya saa 24.

Fundi Saa: Hawakulimaliza, walilihamisha. Utandazaji wao huanza saa sita mchana UTC, hivyo saa 18:00 seva iliyotandazwa imechelewa kwa robo sekunde, na karibu na usiku wa manane ni nusu sekunde. Weka seva moja ya hivyo karibu na isiyotandazwa, kumbukumbu zitaonyesha jibu limetoka kabla ya swali. Na kanuni za masoko ya fedha za Ulaya zinadai wanaofanya biashara ya kasi kubwa wasiachane na UTC kwa zaidi ya mikrosekunde 100. Nusu sekunde ni mara 5,000 ya hapo. GPS yenyewe haikuijali tangu mwanzo: saa yake haiongezwi, leo iko mbele ya UTC kwa sekunde 18, na kipokezi chako hutumiwa tofauti hiyo kiitoe chenyewe.

Mtazama Nyota: Na sisi je? Kwa sekunde moja anga huzunguka sekunde 15 za tao, na kwenye darubini hiyo ni kubwa. Leo UTC haiachani na mzunguko wa dunia kwa zaidi ya sekunde 0.9. Ni kweli vituo vikubwa huchukua marekebisho ya UT1, yaani saa inayofuata mzunguko wenyewe wa dunia, yanayotangazwa, lakini kuna mitambo mingi ya zamani inayochukulia UTC na UT1 ni kitu kimoja. Nani atalipia kuibadilisha?

Fundi Saa: Swali la haki, sina jibu lake. Ila miaka ya karibuni dunia imezunguka haraka kidogo, na ikiendelea hivyo huenda ikabidi *kuondoa* sekunde, jambo ambalo halijawahi kufanyika. Saa itatoka 23:59:58 hadi 00:00:00, kwa programu ambazo hakuna aliyezijaribu kazini. Mimi nasema ifutwe kabla hatujafika huko.

Mpangaji: Sawa, kanda zangu ziko salama. Ila nimekagua, nina sehemu mbili ninapima muda wa kusubiri kwa saa ya kawaida. Nazibadilisha leo.