Lengo la asilimia 85 linalohesabu hata likizo yangu kuwa saa za kazi

Wadau, naomba mnisome hadi mwisho, kwa maana hasira niliyonayo si ya kubuni. Kampuni ya ushauri elekezi ninayofanyia kazi, hapa Posta, imetangaza kwamba kila mshauri, awe mgeni kazini au meneja, lazima afikishe asilimia 85 ya saa zake katika kazi zinazotozwa mteja, na asiyefikisha asahau bonasi. Kipimo chenyewe sikigombi: unachukua saa ulizotoza, unazigawanya kwa saa ulizokuwa nazo. Ninachogomba ni namba waliyoiweka chini ya mstari.

Wamechukua saa 40 kwa wiki, wakazidisha kwa wiki 52, wakapata 2,080, basi. Asilimia 85 ya hizo ni saa 1,768. Sasa toeni likizo ya mwaka, ambayo kwa sheria yetu ya ajira ni siku 28 mfululizo, yaani siku 20 za kazi, ambazo ni saa 160. Toeni sikukuu zinazoangukia siku za kazi, tuseme 12, hizo ni saa 96. Toeni siku 5 za kuumwa au kuuguza, saa 40. Zinabaki saa 1,784. Ili nifikishe 1,768 inanibidi nimtoze mteja kila saa ninayokuwapo ofisini mwaka mzima isipokuwa saa 16 tu. Hiyo ni asilimia 99. Mkutano wa Jumatatu, ambao mkurugenzi mwenyewe ndiye anayeuitisha, unamaliza saa hizo 16 kabla ya mwezi wa tatu kuisha.

Na hapo sijagusa zabuni. Mimi ndiye ninayekaa hadi usiku nikipakia nyaraka kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, nikitafuta wasifu wa wataalamu na kusahihisha jedwali la bei, na saa zote hizo zinaingia kwenye msimbo mmoja wa kazi zisizolipwa, ambao katika ripoti ya Ijumaa hutokea kwa rangi nyekundu pembeni ya jina langu. Kazi iletwe na nani, kama anayeitafuta anahesabiwa mvivu?

*

Mhandisi_Kigamboni: Pole sana. Hata sisi kwenye usimamizi wa ujenzi tunafanya kazi hadi Jumamosi na malipo ya saa za ziada hatuyaoni. Sheria inasema saa 45 kwa wiki ndiyo mwisho wa saa za kawaida. Nendeni CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mkafungue shauri.

Mleta uzi: Ahsante, ndugu, lakini sidai saa za ziada. Ninalalamikia lengo ninalopimwa nalo.

Mtoto_wa_Upanga: Mbona jibu ni rahisi. Mwambieni mkurugenzi aondoe likizo na sikukuu, kisha aondoe na saa za zabuni, mikutano na mafunzo. Kinachobaki ndizo saa zilizopo. Mkigawanya kwa hizo, wote mtafika asilimia 95 na bonasi mtazipata.

Dada_wa_Hesabu: Kuhusu likizo na sikukuu uko sahihi kabisa, kwa sababu siku hizo mtu hayupo kazini. Lakini ukiondoa na zabuni na mikutano, umekivunja kipimo. Kila mtu atasomeka asilimia 95, na mkurugenzi hatajua tena kama muda wa timu unakwenda kwa mteja au unaishia kwenye vikao. Saa hizo ziache chini ya mstari, kisha shusha lengo ili lizibebe.

Nimefanya kazi ya fedha katika kampuni za namna hii kwa miaka mingi, basi niruhusuni nichukue saa 1,784 za mleta uzi niendelee nazo. Hizo ni siku 223, karibu wiki 45. Mikutano ya ndani saa 2 kwa wiki inakula kama saa 89. Zabuni saa 6 kwa wiki, 268. Mafunzo, 40. Nusu saa kila siku ya kujaza taimshiti, kujibu barua pepe na kufuatilia masurufu inafika 111. Jumla ni saa 508, zinabaki 1,276, na hizo ni asilimia 71 na kidogo. Kwa mshauri wa kawaida, huo ndio ukomo wake hata kazi zikimiminika bila kukatika. Meneja anayeandika zabuni na kusimamia vijana atakuwa chini zaidi, na mkurugenzi anayetafuta wateja chini yake tena. Lengo moja kwa vyeo vyote ni ishara kwamba hakuna aliyekaa na kalamu.

Ila mwajiri naye ana hesabu yake. Tuchukue mfano: mshahara na makato ya mshauri mmoja pamoja na fungu lake la pango na umeme vinafika shilingi milioni 90 kwa mwaka, na kampuni inataka faida ya asilimia 20 ya mapato. Lazima aingize milioni 112.5. Kwa bei ya shilingi 90,000 kwa saa, hizo ni saa 1,250, asilimia 70. Zinatosha. Sasa mkurugenzi akimpunguzia mteja hadi 80,000 ili ashinde zabuni, zinahitajika saa 1,406, karibu asilimia 79, na hapo tayari mmevuka ukomo. Mleta uzi, hebu uliza kama hiyo 85 haikuzaliwa na punguzo la bei.

Mleta uzi: Dada, umenifumbua macho. Mwaka huu punguzo limekuwa desturi. Na nieleze kinachotokea sakafuni: vijana wameanza kuandika saa za zabuni kwenye miradi ya wateja. Mradi mmoja wa bei moja isiyobadilika ulipangiwa saa 300, taimshiti zinasoma 380, na ankara iko palepale.

Dada_wa_Hesabu: Hiyo ndiyo dalili yenyewe: saa zinapanda, ankara haipandi. Madhara yake yanakuja baadaye, kwa sababu zabuni ijayo ya kazi kama hiyo itapangiwa bei kwa saa 380 za uongo, nanyi mtaikosa kwa kuwa ghali.

Msafiri_wa_Dodoma: Mimi nina swali. Wateja wetu wengi ni wizara, wako Dodoma. Napanda SGR alfajiri, narudi usiku, na mkataba unalipa saa za kikao tu. Siku nzima imekwenda, mteja ametozwa saa 3. Hizo za njiani ni za nani?

Mtoto_wa_Upanga: Andika za mteja, fanyia kazi ripoti kwenye treni.

Dada_wa_Hesabu: Akifanyia kazi ripoti kweli, ni za mteja. Akilala, si za mteja. Wengine huingiza nauli na muda kwenye bei tangu mwanzo, wengine humpunguzia lengo mtu wa safari. Sijaona utaratibu mmoja ambao haukuleta ugomvi.

Mleta uzi: Kwetu hakuna utaratibu wowote. Nimeomba wahasibu wanipe wastani halisi wa mwaka jana kwa kila cheo, nikajibiwa kwamba ni siri ya menejimenti. Tunapewa lengo la asilimia 85 na watu wanaokataa kusema mwaka jana tulifika ngapi. Kikao ni Alhamisi. Nitaingia na saa 1,784 zangu, na nitauliza mbele ya wote: mkurugenzi mwenyewe lengo lake ni asilimia ngapi?