Mrejesho: Nimeuona moyo wa mwanangu

Niliuliza: "Mimba ya mke wangu ina wiki 7, moyo wa mtoto utaonekana kwenye ultrasaundi?"

Asanteni sana wote. Ule ushauri wa kunywa maji kibofu kijae tuliufuata, ila kupitia tumboni picha haikutoka vizuri. Kizazi chake kimelalia nyuma. Mtaalamu akamwambia akakojoe kwanza, kisha akampima kwa njia ya ukeni. Akanigeuzia skrini, akagusa kwa kidole: "Baba, tazama hapa." Kidogo kama punje ya mchele, na katikati panachezacheza harakaharaka. Mapigo 142 kwa dakika! Nililia, jamani.

Sauti hatukuisikia. Alisema mimba ikiwa changa hivi hupima kwa mchoro wa mwendo, Dopla, ile inayotoa sauti ya mapigo, hawaiwashi kwa sababu nguvu ya mawimbi yake ni kubwa zaidi.