Dogo anashusha gemu la GB 90, nyumba nzima hatuna mtandao!!

Wakuu nimechoka. Tupo wanne tunachangia waifai ya Mbps 10, kila mwisho wa mwezi natoa hela, halafu dogo wa chumba cha mbele akiwasha Steam kushusha gemu basi imekula kwetu, nikiwa na bosi kwenye simu ya WhatsApp sauti inakatika, kurasa zinazunguka tu, ukimuuliza anasema "nimebakiza kidogo" toka jana!! Na hao wa mtandao nao wezi, tunalipia 10 kwake inaonyesha inashuka 1.2. Kesho nachomoa waya wa rauta naenda nao kazini.

Fundi_Nyaya: Mkuu hapo kwenye wizi taratibu. Laini inauzwa kwa biti, Steam inaonyesha baiti, gawa 10 kwa 8 upate 1.25. Yaani dogo anakula laini yote, na GB 90 kwa mwendo huo ni masaa 20 bila kupumzika. Steam inafungua miunganiko mingi kwa mpigo, data inajaa foleni kabla haijaingia kwenu, sauti ya bosi wako inasubiri nyuma. Akiwa anashusha jaribu:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ya kwanza weka anwani ya rauta yenu. Ikibaki ndogo halafu ya pili ikaruka toka 40 mpaka 700 huko, waifai ni nzima, kilichojaa ni laini.

Kisu_Butu: Rauta imechoka hiyo, nunueni ya antena nne.

Fundi_Nyaya: Antena haiongezi laini. Rauta yenye SQM ndo ingesaidia, hiyo inapanga foleni.

Binti_wa_Tandika: Mi nashushaga kwa bando la usiku, naweka hotspot nalala, asubuhi nakuta imeganda asilimia 30 na bando limeisha muda, hii inasababishwa na nini?

Fundi_Nyaya: Kompyuta yako nayo ililala dada, zima Sleep. Mleta uzi, dogo ashushe saa 6 usiku mpaka 12 asubuhi, hapo anapata kama GB 27, usiku wa nne limeisha. Asubuhi abonyeze pause, litaendelea lilipoishia hata umeme ukikatika. Akilazimisha mchana aende Settings > Downloads aweke kikomo cha Mbps 4. Ratiba iliyopo pale asiitegemee, ile ni ya apdeti zinazojishusha zenyewe, gemu alilolianzisha kwa mkono wake halisubiri saa.

Mleta uzi: Usiku?? Mwenzetu wa chumba cha nyuma anahudumia wateja wa Canada kwa simu, anaanza saa 5 usiku mpaka alfajiri, huyo nae nimwambie nini? Na hiyo Mbps 4 si ni masaa 50, dogo atakubali kweli?