Msaada wa kava leta ya jarida, nimekwama tangu juzi

Mchujamaji: Wakuu, makala yangu imekamilika na mfumo wa jarida unadai barua ya kusindikiza. Makala inahusu kuchuja floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa. Nimeandika kurasa mbili na bado naona haijakaa sawa. Nianzeje, na niseme nini kuhusu mchango wangu?

Kalamu_Butu: Weka na picha ya pasipoti. Umri pia usisahau.

Mama_Ikisiri: Kalamu, hiyo ni barua ya kazi, mwenzio anatuma makala. Mleta uzi, bandika aya yako ya kwanza.

Mchujamaji: "Maji ni uhai. Floraidi ikizidi huharibu meno na mifupa ya mamilioni ya watu, na katika makala haya tumechunguza kwa kina suala hili muhimu..."

Mama_Ikisiri: Hapo mhariri keshafunga. Anasoma barua ili aamue kama makala iende kwa wapitiaji au irudi siku hiyohiyo. Kwamba floraidi inadhuru anajua, na kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita anakijua pia. Anachotafuta ni kitu gani hakikujulikana kabla yako. Ni kipi?

Mchujamaji: Kwamba maji yenye bikabonati nyingi huuchosha mkaa mapema kuliko vipimo vya maabara vinavyoonyesha. Tulifuatilia vichujio majumbani miezi tisa.

Mama_Ikisiri: Sasa umesema. Iwe hivi:

"Tunawasilisha makala yenye kichwa (kiweke hapa) kama makala ya utafiti. Uwezo wa mkaa wa mifupa kwa kawaida hukadiriwa maabara. Kwa kufuatilia vichujio majumbani kwa miezi tisa, tunaonyesha kwamba bikabonati huufikisha mkaa kikomo mapema, hivyo ratiba ya kuubadilisha ifuate kemia ya maji na si idadi ya lita pekee. Jarida lenu huchapisha kazi za usafishaji maji ngazi ya kaya, na matokeo haya yanawagusa wanaosanifu vichujio hivyo."

Baada ya hapo tamko kwamba kazi haijachapishwa wala haiko kwa jarida jingine, na kwamba waandishi wote wameridhia. Ukurasa mmoja haujai.

Dokta_Mtarajiwa: Msifie mhariri kidogo, taja na impakti fakta yao. Halafu pendekeza wapitiaji watano, hata washkaji. Mimi nilifanya hivyo ikapita.

Mama_Ikisiri: Majarida mengine huomba majina ya wapitiaji kweli, ila washkaji hapana, hasa mliowahi kuandika pamoja. Na impakti fakta yao wanaijua wenyewe.

Nzi_wa_Maktaba: Mie niliwahi kutuma barua yenye jina la jarida lililonikataa wiki iliyotangulia. Nilibadilisha anwani juu, chini nikasahau. Jibu lilikuja kabla chai haijapoa.

Mama_Ikisiri: Mleta uzi, mbona hilo tamko la "haijachapishwa" umelipita kimya?

Mchujamaji: Haijachapishwa. Yaani, sehemu ya maabara niliiwasilisha kwenye kongamano mwaka jana.

Mama_Ikisiri: Muhtasari tu, au makala kamili imo kwenye kumbukumbu za kongamano?

Mchujamaji: Makala kamili, kurasa sita. Ila kichwa nimebadilisha, na data za majumbani ni mpya kabisa. Nikitaja si nitakuwa najichongea?

Mama_Ikisiri: Usipotaja ndiyo unajichongea. Programu ya kulinganisha maandishi haiangalii kichwa, itapaka rangi sehemu yako yote ya mbinu. Sentensi mbili zinatosha: "Vipimo vya awali vya maabara vilichapishwa katika kumbukumbu za kongamano, nakala tumeambatanisha. Ufuatiliaji wa majumbani na uchambuzi wa bikabonati ni mpya." Ile ya zamani uirejelee pia ndani ya makala. Majarida mengi hupokea makala iliyopanuliwa hivi, ila soma masharti ya lako, maana mengine hayataki.

Kalamu_Butu: Mwakani uzi huu utaletwa tena na kichwa kipya.

Jicho_la_Tatu: Wakuu hii ni chai. Mwanzo "makala yangu", kwenye barua "tumechunguza", kwenye kongamano "niliiwasilisha". Mko wangapi huko? Jamaa anatupima tu.

Dokta_Mtarajiwa: Hata mimi nilishtuka. Miezi tisa majumbani peke yake?

Mchujamaji: Si chai! Kongamano tulikuwa wawili. Mwenzangu ndiye aliyechoma mkaa wote na kupima. Baadaye aliacha masomo, kuandika hakuandika, ndiyo maana safari hii jina lake halimo. Majumbani nilisaidiwa na vijana wawili, nimewashukuru mwishoni.

Jicho_la_Tatu: Chai imepata na vitafunwa.

Mama_Ikisiri: Iwe chai isiwe, swali lipo. Data zake za maabara bado zimo ndani?

Mchujamaji: Jedwali moja. Na mchoro.

Mama_Ikisiri: Basi "waandishi wote wameridhia" huwezi kuisaini leo. Mwandikie, mpe rasimu, umpe nafasi ya kuchangia na kuipitia.

Dokta_Mtarajiwa: Aliyeacha kaacha. Ashukuriwe mwishoni kama hao vijana, yaishe.

Mchujamaji: Nimemtumia ujumbe sasa hivi. Umesomwa, hajajibu. Nikiweka jina lake halafu nikatuma Jumatatu itakuwaje?

Mama_Ikisiri: Kumweka bila ridhaa yake ni kosa lilelile, umeligeuza tu upande. Usitume Jumatatu.