Mrejesho: Tafsiri ya chanzo cha kifo cha marehemu mjomba

Niliuliza: «Cheti cha daktari cha mjomba kimeandikwa kwa Kiingereza; nitafsirije chanzo cha kifo kwa ajili ya ndugu na kwa mamlaka za Ujerumani?»

Nawashukuru nyote. Mfasiri aliyeapishwa huko Ujerumani alihifadhi mistari ya Sehemu ya Kwanza ya cheti kama ilivyo: (a) sepsisi, iliyotokana na (b) gangrini ya mguu, iliyotokana na (c) kisukari aina ya pili, huku shinikizo la damu likibaki Sehemu ya Pili, kwa kuwa lilichangia tu. Chanzo cha msingi husomwa mstari wa chini kabisa uliojazwa katika Sehemu ya Kwanza, kwa hiyo anayezipanga upya sababu kwa kufuata uzito wake anabadilisha maana ya cheti. Safu ya muda tangu ugonjwa uanze nayo ilitafsiriwa.

Kwa ndugu niliandaa maelezo mafupi yasiyo na muhuri. Niliepuka kuiita sepsisi «sumu kwenye damu», maana shangazi angeuliza ni nani aliyemtilia. Niliandika kwamba kisukari kiliharibu mguu, kidonda kikaoza, na maambukizi yakaenea mwilini. Maelezo hayo sikuyaambatisha kwenye maombi kwa mamlaka za Ujerumani.