MREJESHO: Kufupisha namba za kumbukumbu za mizigo kwa kizio cha 36

Nilichouliza: "Risiti zetu za mizigo hapa Kampala zina namba tatu: tawi, siku ya mwaka na mzigo. Nifanyeje ziwe kodi moja fupi?"

Asanteni sana wakuu. Nilimfuata aliyesema kila namba ipewe urefu wake maalumu: tawi herufi 1, siku 2, mzigo 3. Nikiziunganisha bila urefu maalumu, 75Y17Z ingeweza kusomeka 7, 5Y na 17Z, au 75, Y na 17Z. Sasa tawi la Mbale (7), siku ya 214, mzigo wa 1583 naandika hivi kwenye Excel:

```
=BASE(7,36,1)&BASE(214,36,2)&BASE(1583,36,3)
```

Inatoa 75Y17Z: herufi 6 badala ya tarakimu 10 za 0721401583. Kurudi nyuma, DECIMAL("5Y",36) inatoa 214. Nafasi 3 zinafika mizigo 46,655 kwa siku, na sisi hatufiki hata robo.

Kilichogoma ni faili la CSV. Siku ya 194 ni 5E, kwa hiyo kodi 75E123 ikifunguliwa Excel inageuka 7.5E+124, maana E inasomwa kama kipeo cha kumi. Safu ikiwekwa kuwa Text wakati wa kuingiza faili, inapona.

O na sifuri bado zinatusumbua kwenye simu na Arua. Aliyeshauri kuondoa I, L, O na U alikuwa sahihi: alama 32 zinabaki, na kodi yetu bado ingetosha herufi 6. Hilo sijalifanya, kwa sababu BASE haichagui alama.