Mtoto kavimba midomo baada ya kula korosho: ni mafuta ya ganda au ni aleji?

MamaZuhura_Newala
Habari za saa hizi wapendwa. Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Jumamosi mchana mama mkwe alituletea korosho za kukaanga, kabangua mwenyewe kwake. Mtoto akala kama tatu hivi, akaanza kujikuna mdomo. Hata dakika kumi hazijaisha, midomo imetuna, jicho moja limefumba, na mabaka mekundu yaliyovimba yamemjaa mgongoni na mapajani. Nikampa piritoni ya maji, akalala, jioni mwili ulikuwa umetulia.

Mama mkwe anasema ni mafuta ya ganda, kila mtoto wa huku yanampata, atazoea. Mimi sijaridhika. Msimu huu mtoto anatakiwa kwenda kukaa kwake, na pale uwanjani ni korosho tupu. Nimpeleke au nisimpeleke?

MbanguajiMkongwe
Mwanangu, mama mkwe wako hajakosea. Nimebangua korosho tangu kijana. Yale mafuta ya ganda ni makali, yanaunguza. Ukishika ganda halafu ukajifuta mdomo, mdomo unababuka. Sisi tunajipaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kazi. Mwoshe mikono kwa sabuni, usimruhusu kung'ata ganda, yataisha.

Tabibu_Masasi
Dada, kabla sijasema lolote nijibu haya. Baada ya kula alikohoa? Sauti ilibadilika? Alitapika au kulalamika tumbo? Na huko nyuma aliwahi kula korosho, hata iliyosagwa?

DullaMikindani
Wa kwangu naye kila msimu wa maembe anatoka vipele pembeni ya mdomo, vinakaa siku mbili tatu. Tunampaka losheni tu. Usiogope sana dada yangu.

MamaZuhura_Newala
@Tabibu_Masasi alitapika mara mbili kabla sijampa dawa, nikadhani ni piritoni ndiyo itamtuliza tumbo. Alikohoa kikohozi kikavu cha mfululizo, na sauti ikakwaruza kama mtu mwenye mafua. Kifua sikusikia kikipiga mluzi. Mwaka jana kuna jirani alimwonjesha uji wa lishe uliosagwa na korosho, akatoka vipele kidevuni tu, vikaisha.

Tabibu_Masasi
Basi dada, kwa maelezo hayo hii ni aleji ya korosho yenyewe, na ya Jumamosi ilikuwa kali. Mzee Mbanguaji yuko sahihi kuhusu mafuta ya ganda, lakini tuangalie yanavyofanya kazi. Mafuta yanaunguza pale yalipogusa: mdomo unauma, unababuka, ngozi inakuja kubanduka, na kidonda kinakaa siku kadhaa. Hayawezi kuruka kutoka mdomoni yakatoa mabaka mgongoni. Mabaka ya aleji yanavimba, yanawasha, yanahama kutoka hapa kwenda pale, na yanapotea bila kuacha alama. Tena korosho ilikuwa imeshakaangwa na kubanguliwa.

Kilichonishtua mimi zaidi ya midomo ni kikohozi, sauti na matapishi. Ngozi peke yake ikichafuka, unamwangalia kwa karibu. Ngozi ikichafuka na ndani ya muda mfupi baada ya kula mtoto akaanza kukohoa mfululizo, sauti ikakauka, kifua kikapiga mluzi, akatapika na kurudia, au akalegea na kupauka, aleji imeshaingia mwilini, hiyo ni dharura. Na kuna watoto ambao ngozi haionyeshi kitu kabisa, wanaanza na pumzi.

Piritoni inapunguza kuwashwa na mabaka. Haifungui koo lililovimba wala haipandishi presha iliyoshuka. Dawa ya hali hiyo ni adrenalini, sindano ya msuli, upande wa nje wa paja. Mtoto wa kilo 14 anapata miligramu 0.14, yaani mililita 0.14 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita 1. Ni tone dogo, na isipomsaidia inarudiwa baada ya dakika tano. Anayechoma ni mhudumu wa afya. Nimeitaja ili ujue unachoomba ukifika.

MamaZuhura_Newala
Mbona mwaka jana ilikuwa vipele vichache tu? Ina maana inazidi kila akila?

Tabibu_Masasi
Si lazima izidi kila mara, ila haitabiriki. Safari hii inaweza kuwa nyepesi, inayofuata ikawa nzito. Ndiyo maana hatusemi "alipona na piritoni basi siku nyingine atapona hivyo hivyo".

BintiNachingwea
Mimi nilisikia aleji inatibika kwa kumzoesha. Unampa chembe leo, kesho chembe mbili, mwili unazoea. Hata bibi yetu alifanya hivyo kwa dagaa.

Tabibu_Masasi
Mdogo wangu, kumzoesha mtoto chakula kipo, lakini kinafanywa na madaktari wa aleji, kwa vipimo vya makini, dawa zikiwa mezani. Kwa mtoto aliyekohoa na kukwaruza sauti, chembe ya nyumbani Newala ni hatari. Hata kumjaribisha tena ili mama mkwe aone, hapana.

MamaZuhura_Newala
Kaka, ikitokea tena na sisi tuko kijijini, usafiri ni bodaboda. Nifanye nini njiani?

Tabibu_Masasi
Usimtapishe wala usimpe maziwa, hayaondoi kitu. Mlaze chali, miguu iinuliwe juu kidogo. Akishindwa kupumua vizuri, akae, mpakate hivyo hivyo. Akitapika au akilegea, mlaze ubavu. Usimsimamishe ghafla wala usimwache atembee, hata akisema kapata nafuu, maana presha inaweza kushuka akisimama. Kwenye bodaboda mtu wa pili akae nyuma ampakate. Nenda zahanati ya karibu yenye adrenalini kwanza, usipitilize kwenda mbali wakati pumzi inakata. Akishachomwa abaki chini ya uangalizi saa kadhaa, kwa sababu hali inaweza kurudi wakati nyote mmeshaanza kushukuru.

Kwa hiyo wiki hii nenda zahanati unayoitegemea, muulize mhudumu: adrenalini ipo, haijaisha muda? Zahanati inayochanja watoto inatakiwa kuwa nayo kwa dharura. Omba pia rufaa umwone daktari wa watoto, Ligula au Ndanda, na kadi ya kliniki iandikwe "aleji ya korosho".

MbanguajiMkongwe
Hili la sauti kukwaruza sikulijua. Lakini sasa mtoto wa Newala ataishije bila korosho? Zimo kwenye kashata, kwenye mboga, kwenye uji.

Tabibu_Masasi
Ndiyo kazi yenyewe, mzee. Kukaanga hakuondoi aleji. Karai lililokaanga korosho lisitumike kwa chakula chake bila kuoshwa. Uji wa lishe asagiwe nyumbani, maana mashine iliyosaga korosho za mtu mwingine inabakiza unga. Karanga kama amekuwa akila bila shida, aendelee. Hazina undugu na korosho. Pistachio ndiyo ndugu yake wa karibu, aiepuke. @DullaMikindani, vipele vya mwanao wa maembe vinafanana zaidi na utomvu wa ganda la embe kugusa ngozi. Mmenyee, mwoshe mdomo, ila akivimba ndani ya dakika chache, ni habari nyingine.

MamaZuhura_Newala
Na mabibo je? Kwa mama mkwe ndiyo matunda ya msimu, na juisi wanakamua kila siku.

Tabibu_Masasi
Hapo siwezi kukuhakikishia. Bibo ni sehemu tofauti, lakini linakamuliwa na korosho ikiwa bado imening'inia au kwa mikono ileile. Asubiri mpaka daktari wa watoto amwone.

MamaZuhura_Newala
Nimempigia mama mkwe. Anasema nimepeleka mambo ya ndani nje, na mtoto wake wa tatu alivimba hivyo hivyo na sasa ni mtu mzima. Mume wangu yuko upande wangu, ila hataki kumkatalia mama yake moja kwa moja.

BintiNachingwea
Dada, badala ya mtoto kwenda, mwalike bibi aje kwako. Hapo jikoni unasimamia wewe.

MamaZuhura_Newala
Hilo la bibi kuja nitalizungumza na mume wangu usiku. Zahanati naenda kesho asubuhi.